SOMO: Simu imetumbukia majini. Dakika kumi za kwanza, na dalili kwamba maji yameshakula bodi

Wandugu, habari za kazi. Hapa Tanga mvua haijakata, na kila asubuhi napokea simu iliyofungwa kwenye mfuko wa rambo, mchele ukiwa umejaa hadi kwenye tundu la chaji. Nimeona bora niandike somo moja, niwe nalituma kila nikiulizwa.

Tuanze na kinachoharibu, maana ukikielewa hicho hatua zote utazikumbuka. Bodi ya simu ikilowa haina betri, ukaisafisha na kuikausha vizuri, mara nyingi inapona. Balaa ni umeme wa betri unapokutana na maji yenye chumvi, na maji ya bomba nayo yana chumvichumvi zake. Umeme unapita mahali usipotakiwa kupita, shaba inaanza kuliwa, na baada ya siku chache unakuta unga wa kijani au mweupe kwenye miguu ya vifaa. Na simu iliyozimwa betri yake bado imeshikana na bodi. Kuna njia ambazo zina karibu volti 4 usiku na mchana. Kwa hiyo kuzima kunapunguza madhara, ila hakuyamalizi.

1. Itoe, lakini angalia waya. Kama ilikuwa kwenye chaji, zima swichi ukutani kwanza, kisha chomoa, ndipo uiguse. Simu inanunuliwa nyingine.

2. Izime. Usijaribu kama inapiga, usifungue WhatsApp kuangalia kama bado inasikia mguso. Zima. Kwenye Samsung nyingi za sasa kitufe cha pembeni peke yake hakileti menyu ya kuzima, kinabonyezwa pamoja na cha kupunguza sauti. Ikiwa imejizima yenyewe, iache hivyohivyo. Ikiwa kioo hakisikii mguso na simu bado inawaka, usikae unahangaika nayo, ipeleke kwa fundi achomoe betri.

3. Ivue. Toa kava, laini na memori kadi. Kama ni kitochi au simu yenye betri ya kutoka, toa betri kabla ya vyote. Futa laini, iweke kwenye simu nyingine, ili mambo ya M-Pesa na simu za kazini yasikukimbize kuiwasha hii kabla ya wakati wake. Nimeona simu nyingi zilizokufa kwa sababu hiyo tu: mtu alikuwa anasubiri muamala.

4. Toa maji kwa upole. Ielekeze tundu la chaji chini, igonge polepole kwenye kiganja, ufute kwa kitambaa cha pamba. Usiitikise kwa nguvu, maji yaliyokuwa kwenye spika yanahamia kwenye bodi. Usipulize kwa mdomo. Usiingize kijiti wala pamba kwenye tundu.

5. Jiulize ni maji gani. Maji ya bahari, soda, chai ya maziwa na maji ya sabuni ni mabaya kuliko ya mvua, kwa sababu yakikauka yanaacha kitu nyuma. Kitochi kilichotolewa betri unaweza kukisuuza kwa maji safi halafu ukakikausha. Simu ambayo kiwandani ilitengenezwa kuzuia maji, na haijawahi kufunguliwa, isuuze nje kwa maji safi yasiyo na kasi, uifute. Simu ya kawaida yenye betri ya ndani usiiongezee maji. Hiyo ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, aioshe ikiwa wazi.

6. Iegeshe mbele ya feni, tundu la chaji likiangalia chini. Kama imelowa kwa nje tu, ipe saa 24 hadi 48. Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu, hesabu 48. Kama ilizama yote na si ya kuzuia maji, feni ni ya kusubiria fundi, si tiba.

Ya kuepuka

La kwanza ni chaji, na linazidi mengine yote kwa mbali. Ngoja niwape mfano. Dada mmoja aliniletea simu iliyotumbukia kwenye beseni la kufulia, maji ya sabuni ya unga. Aliitoa haraka, ikawaka, akafurahi. Usiku akaichaji kama kawaida. Siku tatu baadaye chaji ikawa inaingia ukichomeka upande mmoja tu wa kichwa cha waya, ukigeuza haiingii. Nilipomulika kwenye tundu kwa kioo cha kukuzia, pini za upande mmoja zilikuwa nyeusi na moja imekatika kabisa. Tundu la USB ya siku hizi lina pini juu na chini, ndiyo maana unaweza kuchomeka vyovyote. Umeme wa chaji ulipokutana na maji, pini za upande mmoja zikaliwa. Nilibadilisha kibao cha chaji, nikafungua bodi, nikakuta kutu imeanza pembeni ya soketi ya betri. Ikasafishwa, ikapona. Angeniletea siku ile ile bila kuichaji, ingekuwa kazi ya kuosha tu.

La pili ni joto. Mashine ya kukaushia nywele, juu ya jiko, kwenye bati juani, vyote hivyo vinasukuma mvuke ndani zaidi, vinalegeza gundi ya kioo na kuitesa betri.

Mchele sasa. Mchele haufyonzi maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati kwenye bodi. Unachofanya ni kumpa mtu imani akae siku tatu wakati kutu inaendelea. Vumbi lake pia linaingia kwenye tundu, na Apple wenyewe wanakataza. Vile vipakiti vyeupe vinavyokuja na viatu vipya ni afadhali kidogo, ila feni inavishinda.

Ukifika kwa fundi

Kaa uangalie. Akishafungua, kitu cha kwanza ni kuchomoa betri. Akianza kuiwasha "tuone", ichukue. Bodi inaoshwa kwa spiriti safi ya asilimia 99 na brashi laini, vifuniko vya bati vikiwa vimetolewa, au kwa mashine ya kuoshea ya mitetemo. Tina na petroli nazijua zinatumika vibandani, lakini zinaharibu plastiki, gundi na kioo. Na ujue kwamba simu ikishafunguliwa, kinga yake dhidi ya maji usiitegemee tena hata kama gundi imerudishwa.

Dalili kwamba madhara yamebaki

Nyingi hazitokei siku ile. Zinakuja baada ya wiki, mtu ameshasahau kama simu ilipata maji.

Ninayoiangalia mimi kwanza ni joto. Iache simu mezani nusu saa bila kuigusa, kisha shika mgongo. Ikiwa ya moto sehemu moja, hasa juu karibu na kamera, kuna shoti ndogo inavuja umeme. Mwenzake ni chaji kushuka usiku: ulilala ikiwa 80, umeamka iko 45, hakuna ulichofungua. Hapo usibadilishe betri kwanza, betri mpya nayo itanyonywa vilevile.

Nyingine ni ukungu ndani ya lenzi ya kamera unaorudi kila jua likipoa, madoa kwenye kioo yanayotanuka, kioo kujibonyeza chenyewe, mtandao kupotea, na wenzako kukwambia hawakusikii. Kwenye Samsung piga

```
*#0*#
```

inakuja menyu ya kujaribu rangi za kioo, mguso, spika na kamera kimoja kimoja. Fanya hivyo siku simu ilipowaka, na urudie baada ya wiki mbili.

Betri ikivimba na kuinua kioo au mfuniko, acha kuitumia, usiibonyeze irudi, usiitoboe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Fundi, simu yangu ni ya kuzuia maji, IP68. Kuna haja ya haya yote?

*Jibu:* Ipo, ndugu yangu. Jaribio la IP68 hufanywa kwa maji safi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Samsung wao hutaja mita 1.5 kwa dakika 30. Yako imeanguka mara ngapi, imebadilishwa kioo? Halafu tundu la chaji liko wazi kwenye simu karibu zote. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung faini ya dola milioni 14 za huko, kwa matangazo yaliyoonyesha simu za Galaxy zikitumika bwawani na baharini, wakati tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu likichajiwa likiwa bado na maji. Bahari yenu na yetu ni moja.

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo fundi. Simu inaleta alama ya tone la maji na kukataa chaji, lakini ilishakauka jana. Rafiki yangu anasema kuna namna ya kuilazimisha.

*Jibu:* Marahaba. Usiilazimishe. Kwanza ipe siku nyingine mbele ya feni. Kama ina uwezo wa kuchajiwa bila waya, tumia hiyo, ila ufute mgongo kwanza. Ikiendelea kugoma, mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona weusi au ukijani, kutu yenyewe ndiyo inayoidanganya simu kwamba kuna maji. Kusafishwa au kubadilishiwa kibao ndiyo dawa.

Mwanachama, Unguja: Nanunua simu ya mkononi mwa mtu. Nitajuaje kama iliingia maji?

*Jibu:* Kwa iPhone, toa kitrei cha laini, mulika ndani ya tundu lake. Kuna kialama cheupe au cha kijivu. Kikiwa chekundu, maji yalifika, na hakirudi kuwa cheupe. Kwa baadhi ya simu nyingine kialama huwa ndani, mpaka ifunguliwe. Lakini hata kikiwa cheupe, jaribu kuichaji kwa pande zote mbili za waya, na ushike mgongo kama nilivyosema.

Mwanachama, Dodoma: Simu haiwaki kabisa na picha za marehemu mama zimo humo. Hamuwezi kutoa ile chipu mkaiweka kwenye simu nyingine?

*Jibu:* Pole sana dada. Kwa simu za sasa haifanyi kazi hivyo. Picha zimefungwa kwa ufunguo ambao uko kwenye bodi hiyohiyo, chipu peke yake haisomeki. Njia ni kuifufua bodi hata kwa saa moja. Kwa hiyo ukifika kwa fundi mwambie mapema kwamba unataka picha, si simu, ili asiguse chipu kuu wala ya kuhifadhia kwa moto bila sababu, na asikubali mtu "kuiflashi", hiyo inafuta kila kitu. Ikiwaka, usiizime. Hamisha picha muda huohuo. Na kabla ya hayo yote ingia kwenye akaunti yako ya Google ukitumia simu nyingine, fungua Google Photos. Wengi picha zao ziko kule na hawajui.