Nukuu Ndefu Katika Insha ya Fasihi: Kuitambulisha, Kuisogeza Ndani na Kuitajia Ukurasa

Insha yangu ya kwanza katika chuo cha Marekani ilirudi ikiwa na duara la wino mwekundu kuzunguka nukta moja. Mhadhiri hakuandika neno lolote pembeni. Nilidhani ni kosa la kupiga chapa, nikaipuuza, na katika insha ya pili nikakuta duara lile lile mahali pale pale: mwisho wa nukuu ndefu, baada ya mabano yenye nambari ya ukurasa. Wengi wetu tulisoma nyumbani kwa mtindo wa kutaja jina, mwaka, nukta pacha na ukurasa, yaani (Fulani, 2004: 47), na nukuu ndefu tuliziweka kwa mlazo au kwa herufi ndogo kadiri msimamizi alivyopenda. Katika idara za fasihi za Marekani na Kanada mtindo unaotawala zaidi ni ule wa MLA, chama cha Marekani cha wasomi wa lugha na fasihi, na huo ndio nitakaoufuata hapa, kwa kuwa ndio unaowakwaza wengi wanaotoka kwetu.

Jambo la kwanza ni kujua nukuu inaanza kuitwa ndefu wapi. Kwa MLA, nukuu ya nathari hutengwa ikizidi mistari minne, na mistari inayohesabiwa ni ile ya insha yako baada ya kuichapa, si ile ya kitabu ulikoitoa. Kifungu kilichojaa mistari saba katika kitabu chenye kurasa nyembamba kinaweza kuwa mistari minne tu katika karatasi yako, na hapo kitabaki ndani ya aya, kikiwa na alama za mtajo. Kwa hiyo chapa kwanza, hesabu, kisha uamue. Mitindo mingine hupima kwa maneno: APA hutenga nukuu kuanzia maneno 40, na mtindo wa Chicago kwa kawaida huanza kwenye maneno 100 hivi. Anayechukua somo la historia na la fasihi katika muhula mmoja hana budi kuuliza kila idara inataka upi, kwa sababu kifungu kimoja kinaweza kutengwa katika somo moja na kubaki ndani ya aya katika jingine.

Tuchukue mfano. Kifungu nitakachotumia nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya mwongozo huu, na mwandishi wake tumwite Fulani. Tuseme ni kumbukumbu za mtoto wa baharia wa Lamu, na kwamba insha yako inadai kuwa watu wa kitabu hicho huagana bila kusema kwaheri. Namna ya uvivu ya kuitambulisha nukuu ni kuandika «Fulani anasema:» na kuitupa hapo. Msomaji anaingia katika mistari sita bila kujua nani anazungumza, tuko wapi katika hadithi, wala atazame nini. Sentensi ya kutambulisha inapaswa kumpa mambo hayo matatu. Linganisha na hii:

Katika sura ya 3 msimulizi anaikumbuka siku ambayo baba yake alisafiri, na kwaheri yote ya safari hiyo inabebwa na swali dogo la jikoni:

> Kusi ilipoanza kuvuma, baba hakusema kwamba anaondoka. Alikunja msala wake, akalitazama tanga, akamuuliza mama kama chumvi imebaki. Mama akajibu kwamba imebaki. Sisi watoto tuliijua maana ya swali hilo, kwa sababu halikuulizwa siku nyingine yoyote. Usiku ule boriti zilipakiwa chomboni kwa mwanga wa kandili, na alfajiri tulipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kama cha mgeni aliyekwisha kwenda zake. (Fulani 47)

Neno «jikoni» katika utambulisho limekwisha kumwelekeza msomaji kwenye chumvi kabla hajaifikia. Angalia pia nukta pacha. Imekaa pale kwa sababu maneno yaliyoitangulia ni sentensi kamili inayoweza kusimama peke yake. Ikiwa utambulisho wako haujakamilika, kwa mfano «Msimulizi anakumbuka kwamba», kisha nukuu ikaimalizia sentensi hiyo, basi usitie nukta pacha. Unaiacha sarufi ipite moja kwa moja kutoka kwako hadi kwa mwandishi. Jaribio lake ni rahisi. Soma kwa sauti utambulisho pamoja na mstari wa kwanza wa nukuu, bila kupumua katikati. Ukisikia sentensi moja iliyo sawa, usitie kitu. Ukisikia sentensi mbili, tia nukta pacha.

Alama za mtajo hazimo kabisa, na hili ndilo wengi hulisahau. Kule kusogezwa ndani ndiko kunakomwambia msomaji kwamba maneno si yako, kwa hiyo alama za mtajo zingekuwa kurudia jambo lile lile. Zikionekana ndani ya nukuu iliyotengwa, msomaji ataelewa kwamba zilikuwamo kitabuni, pengine kwa sababu mhusika anazungumza. Vivyo hivyo usitie mlazo ambao mwandishi hakuutia. Nafasi kati ya mistari nayo haibadiliki: insha ya MLA huchapwa kwa nafasi mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na nukuu hufuata nafasi hizo hizo, wala huongezi mstari mtupu juu yake au chini yake.

Sasa kuisogeza ndani. Kipimo ni nusu inchi kutoka pambizo ya kushoto, yaani sentimita 1.27, na pambizo ya kulia haiguswi. Kosa ninaloliona kila ninaposomewa insha na vijana wetu ni kubonyeza Enter mwisho wa kila mstari na Tab mwanzoni mwa unaofuata. Kwenye skrini inapendeza. Mhadhiri akiifungua kwa fonti nyingine, au wewe mwenyewe ukiongeza neno moja, mistari inavunjika ovyo, mmoja mrefu na mwingine wenye maneno mawili. Ukitaka kuhakikisha, washa alama zilizofichwa katika Word kwa Ctrl+Shift+8: alama ya ¶ inapaswa kuonekana mara moja tu, mwisho wa nukuu. Ukiona moja kila mstari, zifute zote zilizoko katikati.

Njia iliyo sahihi ni kuiacha nukuu iwe aya moja, kuweka kishale ndani yake, kisha kubonyeza Ctrl+M katika Word, au kwenda Layout na kuandika kipimo penye Indent Left. Katika Google Docs kitufe ni Ctrl+]. Usichanganye hivyo viwili, kwa kuwa Ctrl+] katika Word hukuza herufi ulizozichagua, na mtu anayehama kutoka programu moja hadi nyingine saa saba za usiku anaweza kuwasilisha nukuu yenye herufi kubwa kuliko insha. Mstari wa kwanza wa nukuu hausogezwi zaidi ya mingine, hata kama kitabuni ulikuwa mwanzo wa aya. Ni pale tu unaponukuu aya mbili au zaidi ndipo mstari wa kwanza wa kila aya husogezwa tena kidogo, robo inchi hivi, ili mipaka ya aya ionekane.

Turudi kwenye ile nukta yangu ya wino mwekundu. Katika nukuu fupi iliyo ndani ya aya, mabano hutangulia na nukta hufuata, kwa sababu mabano ni sehemu ya sentensi yako wewe, na nukta ndiyo inayoifunga. Katika nukuu iliyotengwa mambo hugeuka. Sentensi ya mwisho ni ya mwandishi, nayo inafungwa na nukta yake mwenyewe. Mabano yanakaa nje, baada ya nafasi moja, na baada yao hakuna kitu. Tazama tena mwisho wa mfano: «kwenda zake. (Fulani 47)». Hakuna mkato kati ya jina na nambari, hakuna mwaka, wala hakuna kifupisho cha ukurasa. APA nayo hufunga kwa nukta kabla ya mabano, ila hutaka mwaka na kifupisho: (Fulani, 2004, p. 47). Na kama jina la Fulani umekwisha kulitaja katika sentensi ya utambulisho, MLA hutosheka na (47) peke yake.

Nambari yenyewe itoke wapi? Wengi wetu tulio mbali na maktaba za nyumbani tunasoma vitabu vilivyopigwa picha na kuwekwa katika faili la PDF. Hapo juu ya skrini programu inaonyesha 59 / 212, huku chini ya ukurasa wenyewe pamechapishwa 47. Andika 47. Tofauti hiyo ya 12 hutokana na jalada, ukurasa wa haki na dibaji, ambavyo programu huvihesabu lakini mchapishaji hakuvihesabu pamoja na matini. Usitegemee kutoa 12 kila mara, kwani faili lililopigwa picha kurasa mbili kwa pamoja huharibu hesabu hiyo. Kifungu kikianzia ukurasa wa 47 na kuishia wa 48, andika 47-48. Kitabu kinachosomwa kwenye simu au Kindle kisicho na kurasa za kudumu hakitajwi kwa nambari za kifaa, kwa kuwa hubadilika kulingana na ukubwa wa herufi. Tumia nambari ya sura.

Ikiwa insha ni ya Kiingereza na kifungu ni cha Kiswahili, kama huyu Fulani wetu, tenga matini asilia, kisha chini yake utenge tafsiri kwa kipimo kile kile, na katika mabano ongeza nuktamkato na maneno ya kusema kuwa tafsiri ni yako: (Fulani 47; tafsiri yangu), ila uyaandike kwa lugha ya insha. Naona ni vema kuyaweka matini yote mawili kila unapokusudia kujadili neno moja moja, maana huwezi kujenga hoja juu ya «kuaga» halafu ukamwonyesha msomaji tafsiri pekee.

Kwa ushairi kizingiti ni kidogo zaidi: mishororo zaidi ya mitatu hutengwa, na kila mshororo hubaki kwenye mstari wake. Ubeti wa utenzi ukichapishwa kwa mishororo yake minne ya mizani nane umekwisha kukivuka kizingiti hicho, kwa hiyo anayeandika kuhusu tenzi atatenga hata ubeti mmoja.

Nukuu ikiisha, usianze aya mpya kama hujamaliza hoja. Mstari unaofuata huanzia kwenye pambizo ya kushoto bila kusogezwa, ili ionekane kwamba aya ile ile inaendelea, na hapo ndipo unapoichukua chumvi mkononi: kwa nini baba anauliza jambo ambalo angeweza kulitazama mwenyewe, na kwa nini jibu la mama halina hata neno moja zaidi ya lile aliloulizwa.