Jino limeng'olewa, maumivu yanarudi siku ya tatu

Kidonda cha jino huuma zaidi mwanzoni, kisha hupoa. Ikiwa siku ya pili hadi ya nne yanaanza maumivu ya kudunda yanayopanda mpaka sikioni, na kinywa kinanuka, huenda damu iliyoganda kwenye shimo imetoka na mfupa umebaki wazi. Sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi: inamisha kichwa taratibu, kisha acha maji yadondoke yenyewe, usiteme kwa nguvu. Usichokonoe, usivute sigara. Hata hivyo, rudi kwa daktari wa meno. Ndiye anayeweza kuona kama ni mfupa mtupu, kipande cha mzizi au usaha, kisha asafishe na kuweka dawa shimoni. Ukipata homa, uvimbe au shida ya kumeza, nenda leo hii.