Jina la kikundi cha mtaa: liacheni litoke kwa wakazi

Mara nyingi jina la kikundi cha usafi au ulinzi shirikishi hupangwa na watu watatu wanne, wakazi wakaletewa likiwa limeshachapwa kwenye fulana. Hapo mkazi anaona jambo hili lina wenyewe. Ninaposaidia mtaa kuanzisha kikundi, hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Anzeni na kazi. Itisheni usafi wa siku moja bila jina lolote. Tangazo litaje saa na mahali tu: "Jumamosi saa moja asubuhi, mtaro wa darajani." Watu wakiwa kazini, sikilizeni wanavyopaita mahali pale na wanavyojiita wao kwa wao, kisha yaandikeni.

Hatua ya 2: Kusanyeni mapendekezo. Kila aliyefika atoe jina na sababu yake. Waulizeni pia wapangaji, vijana na wale ambao hawakuja. Kazi hii isiishie kwenye kundi la simu, kwa sababu wasio na simu janja wataachwa nje tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Chujeni. Hapa msiwe na haraka. Tuseme mmepata haya manne: Kikosi cha Usafi, Umoja wa Wenye Nyumba, Mazingira Bora na Majirani wa Darajani. Kwa kila jina ulizeni: nani akilisikia atajiona hahusiki? "Wenye Nyumba" linamtoa mpangaji, na huenda ndiye anayepita kwenye mtaro huo kila siku. "Kikosi" linanuka amri. Kwa kikundi cha ulinzi ni baya zaidi, maana vijana watahisi wao ndio wanaowindwa, na wazee wataogopa kuonekana wapelelezi. "Mazingira Bora" halina ubaya, ila linaweza kuwa la mtaa wowote. Kisha mtu atamke kwa sauti: "Mimi ni wa Majirani wa Darajani." Likitoka bila kigugumizi, libaki. Majina ya viongozi, vyama au dini yaondoeni hata kama yanapendwa, kwani mwenye jina akigombana na watu, kikundi kinagombana nao pia.

Hatua ya 4: Pigeni kura. Bakizeni majina mawili au matatu. Wekeni kopo moja kwa kila jina, pembeni pasipoonekana, na kila mkazi atumbukize punje moja. Kura ya kunyoosha mikono huwafanya watu wamtazame mwenyekiti kwanza.

Hatua ya 5: Lijaribuni mwezi mmoja. Msichape chochote bado. Kama mnataka kujisajili, ulizeni ofisi husika kama jina hilo limeshachukuliwa. Katika mwezi huo sikilizeni tena. Wakazi wakilifupisha kuwa "Darajani", chukueni hilo fupi. Wakiendelea kusema "kile kikundi chao", jina bado halijawaingia: rudini hatua ya pili, na safari hii anzeni na wale wanaosema "chao".