Kabla hujageuza slaidi za picha kuwa notsi, zingatia haya

Mkufunzi amemaliza, projekta imezimwa, na wewe umeachiwa slaidi thelathini, kila moja ina picha na maneno mawili matatu. Umeambiwa utoe notsi ambazo hata mtu ambaye hakuwepo atazisoma na kuelewa. Kazi hiyo nimeifanya hapa Dar kwa miaka, hasa kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kosa langu moja lilifika hadi kwenye kikombe cha mtoto. Kwa hiyo nitasema kwa mkazo.

Omba faili lenyewe, si picha za simu zilizopigwa kutoka viti vya nyuma. Ukilipata, fungua sehemu ya `Notes` chini ya kila slaidi, maana wakufunzi wengine huandika humo kile walichokusudia kusema. Andika siku hiyohiyo, sauti ya mkufunzi ikiwa bado masikioni. Weka namba ya slaidi mwanzoni mwa kila aya, ili mwenye shaka ajue pa kurudi.

Kisha, kabla ya kuandika sentensi hata moja, pitia picha zote na ujiulize kila moja imewekwa pale kwa kazi gani. Ramani, grafu na jedwali ni ushahidi: zina kitu cha kusomwa, na unachokisoma unaweza kukiandika. Picha ya pambo haina ushahidi wowote, ingawa jicho hutaka kuisoma vilevile. Nimewahi kuona slaidi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kumrudishia maji mtu anayeharisha, yenye pakiti imelazwa kando ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Aliyeandika notsi akaweka "pakiti moja kwa chupa moja ya maji". Pakiti ile huchanganywa na lita 1. Chupa ilikuwa pale kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani siku ya kupiga picha. Kipimo chochote ulichokitoa kwenye picha ya pambo, kitilie alama hapohapo.

Mshale nao uuogope. Kwenye slaidi mshale ni kitu kidogo, lakini ndio unaobeba kitenzi cha sentensi nzima, na kitenzi hicho hukipewi. Unaweza kumaanisha "kisha", unaweza kumaanisha "ikasababisha", unaweza kumaanisha "ikawa", na pengine mkufunzi aliuweka tu kuunganisha visanduku viwili. Chukua slaidi ambayo karibu kila somo la kipindupindu linayo: ramani ya London, na chini yake "1854 – pampu – mpini → vifo ↓". Mimi niliandika kwamba Daktari John Snow aling'oa mpini wa pampu ya Broad Street na kipindupindu kikakoma. Sentensi inateleza vizuri, na ina makosa mawili. Snow hakung'oa mpini. Aliwaeleza viongozi wa parokia kwamba maji ya pampu ile ndiyo yanayoua, nao ndio walioamuru utolewe. La pili ni zito zaidi. Mlipuko ulianza tarehe 31 Agosti, mpini ukatolewa tarehe 8 Septemba, na kufikia siku hiyo wagonjwa wapya walikuwa wamekwishapungua sana, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Snow mwenyewe aliliandika hilo. Mpini hauondoi ukweli kwamba maji yale ndiyo yaliyoua, lakini mshale wa kwenye slaidi ulinifanya niseme jambo ambalo hata Snow mwenyewe hakulidai.

Tangu hapo nina desturi: mshale nauandika "kisha" mpaka nipate sababu ya kuupandisha. Nikiandika "kwa hiyo", "ikasababisha" au "ikakomesha" bila kuwa nimemsikia mkufunzi akitamka hivyo, naweka alama.

Sasa alama zenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar mwezi Agosti, na mafunzo ya wahudumu yalikuwa ya harakaharaka. Slaidi ya kumi na nne ilikuwa na picha ya kijiko juu ya kitambaa cheupe, na maandishi: "6 – ½ – lita 1. Sukari, chumvi, maji." Ni mchanganyiko wa nyumbani, wa kutumia pale tu pakiti ya ORS inapokosekana. Nikaandika: "Changanya vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi." Nilipofika kwenye neno "vijiko" nikasita. Kijiko kipi? Kwenye picha hakikuwa na kitu kando yake cha kukilinganisha nacho. Nikalipaka neno hilo rangi ya njano ili kesho yake nimuulize mkufunzi, nikaendelea na slaidi ya kumi na tano.

Jioni ileile mratibu akataka nakala za asubuhi. Nikaenda steshenari, nikatoa kopi ishirini na tano, nyeusi na nyeupe kwa kuwa ndizo za bei nafuu. Njano ikatoweka. Neno "vijiko" likatoka safi kama maneno mengine yote, kana kwamba limeshathibitishwa. Mmoja akalinakili kwenye kundi la wasapu la mtaa wao.

Siku ya tatu, saa tano usiku, nikapigiwa simu kutoka Manzese. Mhudumu mmoja alikuwa kwa jirani yake mwenye mtoto anayeharisha, maduka ya dawa yameshafungwa. Alichanganya kama karatasi ilivyosema, kwa kijiko kilichokuwa ndani ya nyumba, nacho kilikuwa kijiko cha chakula. Mtoto alikunywa mafunda mawili, akatema. Bibi yake akachukua kikombe, akaonja, akasema, "Mwanangu, haya ni maji ya bahari. Hayo maelezo umeyapata wapi?"

Kijiko cha chakula ni sawa na vijiko vitatu vya chai. Kwa hiyo chumvi ilikuwa karibu gramu 9 badala ya 3 hivi, na sukari nayo mara tatu. Chumvi ikizidi kiasi hicho kwa mtoto aliyekaukiwa maji, inaweza kumletea degedege. Sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kuharisha kunaongezeka badala ya kupungua. Niliwaambia wamwage, wamkimbize kituoni. Walimpeleka kwa bajaji, akapewa ORS ya pakiti, akapona. Bibi ndiye aliyemwokoa kwa ulimi wake. Notsi zangu hazikusaidia kitu.

Shaka nilikuwa nayo, na alama niliiweka. Ila niliiweka kwenye rangi, na rangi haivuki mashine ya kopi wala haivuki wasapu. Wino mwekundu vilevile, na mstari wa kukoleza, na maoni yanayoning'inia pembeni ya ukurasa. Alama inayotaka kufika iwe maneno, iwe ndani ya sentensi, na igusane na dai lenyewe. Notsi ya slaidi ile ingepaswa kutoka hivi:

"Slaidi ya 14. Kama pakiti haipatikani, changanya vijiko 6 [HAKIKI: vya chai au vya chakula? vya kusawazisha au vya kujaa?] vya sukari na nusu kijiko [HAKIKI: kilekile?] cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Usitumie kabla alama hizi hazijafutwa."

Ona kwamba alama inauliza. Kiulizo kitupu pembeni hakimsaidii mtu, kwa sababu kesho hata wewe hutakumbuka ulitilia shaka nini. Andika swali ambalo mtu mwingine anaweza kulijibu kwa sentensi moja.

Pamoja na HAKIKI mimi hutumia alama ya pili, NIMEJAZA, kwa sentensi nilizotunga mwenyewe kuunganisha neno na neno. Msomaji ana haki ya kujua ni lipi la mkufunzi na lipi ni langu. Lakini usitie alama kila mstari. Karatasi iliyojaa mabano haisomwi, na mhakiki atachoka kabla hajafika kwenye kijiko. Anza na lile ambalo mtu atalitenda kwa mkono wake: kipimo, kizio, muda, umri wa mgonjwa. Yafuate ya miaka na majina, halafu yale ya "kwa sababu".

Kuhakiki nako kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Ukimpigia mkufunzi akakwambia "nilimaanisha kijiko cha chai", umethibitisha alichokusudia, basi. Kama alichokusudia ni sahihi, hilo ni swali jingine, na jibu lake halimo kinywani mwake. Nenda kwenye mwongozo wa Wizara ya Afya au wa Shirika la Afya Duniani, na pale inapowezekana kitazame kitu chenyewe, mathalani maandishi ya nyuma ya pakiti. Kwa kijiko majibu yalikuja kirahisi: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, katika lita 1 ya maji safi. Kisha onja kabla hujampa mtoto, isizidi chumvi ya machozi. Sentensi ya mwisho haikuwemo kwenye slaidi, lakini niliiongeza na huiweka kila mara, kwa sababu inamruhusu mtumiaji kulikamata kosa langu hata kama karatasi imekosea.

Angalia pia umri wa slaidi. Slaidi huazimwa kutoka faili hadi faili, na namba iliyokuwa sahihi zamani hubaki imekaa palepale. Ukikuta "gramu 27.9" kando ya picha ya pakiti ya ORS, mkufunzi hakubuni, huo ulikuwa uzito wa mchanganyiko wa zamani. Mwaka 2002 ulipunguziwa chumvi na glukosi, na wa sasa una gramu 20.5. Dai la namna hii usilifute kimyakimya. Liandike, weka HAKIKI, uliza slaidi ni ya mwaka gani.

Anayefuta alama aandike herufi za jina lake na tarehe. Asiyehakiki asifute, hata akiwa mratibu, hata kama kopi zinatakiwa asubuhi. Zikitakiwa asubuhi, zitoke na mabano yake. Faili la slaidi lihifadhiwe pamoja na notsi, usiliache kwenye flashi ya mtu. Na ukiona notsi zako zimenakiliwa kwenye kundi la wasapu, fungua usome walichonakili, kwani mtu anayeandika kwa kidole gumba ndani ya daladala huruka mabano kwanza.