Kabla hujaanza kushauri watu wawekeze wapi: leseni ya CMSA na lile daftari la dhamana zako

Hapa Dodoma sa hivi kila kona kuna mtu anamwelekeza mwenzake pa kuweka hela, mstaafu ametoka Mtumba na kiinua mgongo chake, mkulima wa zabibu wa Hombolo ameuza vizuri, na wote wanaambiwa weka hatifungani, weka vipande, nunua hisa. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya ushauri wa uwekezaji, mafaili ya leseni ndo kazi yangu ya kila siku, na kila mwezi nakutana na vijana wanaotaka kuanza shughuli hii. Naandika kwa ajili yao, maana wengi wanahangaika na mlangoni tu wakati shida kubwa huwa inawakuta wakishaingia ndani.

Kitu cha kwanza ujue kama unachofanya kinahitaji leseni ya CMSA, yani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au hapana. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inaangalia kama unafanya *biashara* ya kushauri watu kuhusu dhamana, yani hisa, hatifungani ambazo ni mkopo unaoupa serikali au kampuni kwa riba, vipande vya mfuko wa pamoja na ndugu zake. Ukimwambia shemeji yako sebuleni kwamba wewe ungenunua hatifungani hiyo siyo biashara. Ila ukifungua grupu la wasap, watu wanalipa elfu kumi kwa mwezi, na kila Jumatatu unawatumia uchambuzi wa hisa gani ya kununua pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, hapo umeshaingia, hata kama huna ofisi wala kibao mlangoni. Wakili au mhasibu anayegusia mambo haya kidogo tu ndani ya kazi yake ya kawaida sheria inamwachia, lakini akianza kutoza ada ya ushauri wa uwekezaji peke yake huo mwavuli haumfuniki tena. Na ukiuza bima hiyo ni njia nyingine, unaenda TIRA, mamlaka ya bima, leseni ya CMSA haikusaidii huko.

Kingine ambacho watu wanachanganya ni kwamba leseni ziko mbili. Kuna ya kampuni, yani mshauri wa uwekezaji mwenyewe, na kuna ya mtu, yani mwakilishi wake, yule anayekaa na mteja mezani. Kampuni kuwa na leseni hakukupi wewe ruhusa ya kushauri. Na ya kwako haitembei na wewe kama cheti cha fomu foo, imefungwa kwa huyo unayemfanyia kazi, kwaiyo ukihama ofisi usiendelee kupokea wateja wa zamani huku unasema nina leseni bado, subiri mwajiri mpya akuombee. Kabla ya kuomba, kapite kozi ya cheti ya sekta ya dhamana inayoendeshwa na CMSA, na uwe msafi kwenye maswali ya sifa: hujawahi kutangazwa mufilisi, hujawahi kutiwa hatiani kwa udanganyifu. Kama lipo la zamani liandike mwenyewe kwenye fomu ulieleze, maana likigunduliwa baadaye linakuwa makosa mawili.

Sasa nije kwenye daftari, hapa ndo nataka nikae.

Mshauri na mwakilishi wake wanatakiwa watunze rejista ya dhamana zote wanazomiliki wao wenyewe. Jina la dhamana, kiasi, umenunua lini, umeuza lini, na Mamlaka ijue rejista hiyo inatunzwa wapi. Inahesabika hata ile uliyonunua kwa jina la mke wako kama hela ni yako na wewe ndo unaamua iuzwe lini. Watu wanaiona kama karatasi ya kujaza siku ya ukaguzi ikikaribia, ndo kosa lenyewe. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja, mwenzetu alijaza manunuzi ya miezi minane kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko ule ule, hata wino haujabadilika rangi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mkaguzi hakuuliza chochote kuhusu kiasi, akaomba tu taarifa ya akaunti yake ya CDS, ile inayoonyesha dhamana zake, akaanza kulinganisha tarehe, mstari kwa mstari, na mbili hazikukubaliana. Siku nzima ikaishia hapo.

Kwa nini wanaikazania hivyo? Chukua mfano. Mwalimu mstaafu anatoka Kondoa na milioni 60, anataka kumalizia nyumba Nzuguni baada ya miaka mitatu. Wewe mshauri una hatifungani ya serikali ya miaka 20, milioni 20, tuseme inalipa asilimia 12, yani milioni 2.4 kwa mwaka, milioni 1.2 kila miezi sita. Umechoka nayo unataka kutoka, na kutoka maana yake apatikane mnunuzi kwenye soko la pili, pale wenye hatifungani wanapouziana wenyewe. Ukimwambia mwalimu "nunua hii, riba nzuri" inawezekana riba kweli ni nzuri, ila yeye hela anaitaka mwaka wa tatu, na kama kufikia wakati huo hatifungani mpya zinalipa zaidi ya 12, ya kwake atauza chini ya alichonunulia. Wewe utakuwa umeshatoka na yeye ndo amebaki nayo.

Sheria haijakukataza kumiliki. Inachotaka ni kwamba ukimpa mteja pendekezo la maandishi, humo humo useme una maslahi gani. Sentensi moja inatosha: "Mimi mwenyewe ninamiliki hatifungani hii yenye thamani ya shilingi milioni 20 na nina mpango wa kuiuza." Kama unapata kamisheni kwa yule unayempelekea mteja, iandike na hiyo. Halafu kwenye faili lake andika alichokwambia: hela anaihitaji lini, ana akiba nyingine, anategemewa na nani. Mkaguzi akifungua anasoma "miaka mitatu" ukurasa wa kwanza na "miaka 20" ukurasa wa pili, lazima akute sababu katikati. Kwa mwalimu huyu mimi sababu siioni, ningemtafutia kitu cha muda mfupi au mfuko wa vipande ambao anatoa hela bila kusubiri mnunuzi.

Angalia pia matangazo yako. Usiandike kwenye bango au stetasi kwamba umethibitishwa na CMSA kuwa mshauri bora, au kwamba Mamlaka inakubali ujuzi wako. Leseni inasema umeruhusiwa kufanya kazi, basi, haisemi ushauri wako ni mzuri, na kuitumia kama muhuri wa ubora ni kosa.

Baada ya hapo yaliyobaki ni kalenda. Leseni inahuishwa kila mwaka, kwaiyo anza kukusanya nyaraka miezi miwili kabla, maana hesabu za kampuni lazima zikaguliwe na mkaguzi wa hesabu naye ana foleni. Ukihama ofisi kutoka Area C kwenda Majengo, ukibadilisha mkurugenzi, mwakilishi akiacha kazi, peleka taarifa kwa maandishi palepale usisubiri kuhuisha. Na barua ya mwakilishi aliyeondoka tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku akitumia jina lenu huko mtaani kuchukua hela za watu, swali la kwanza mtakaloulizwa ni mliitaarifu Mamlaka tarehe ngapi.