Kuandika Sheng kwenye skripti bila kumpoteza mama aliyeketi sebuleni

Mwongozo huu ni wa anayeandika drama ya televisheni ya Nairobi, ile inayotazamwa na kijana wa miaka 17 na mama yake kwenye kochi moja. Mama hapotei kwa sababu Sheng ni nyingi. Anapotea pale Sheng inapobeba habari anayohitaji ili kuifuata hadithi. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu maneno.

Hatua ya 1: Piga mstari chini ya habari

Andika sini kwanza jinsi vijana wanavyobonga, bila kujizuia. Kisha chukua kalamu upige mstari chini ya kila neno linalosema nani, nini, wapi, lini au pesa ngapi. Huu hapa mfano, Kevo akimweleza rafiki yake Shiro:

KEVO: Manze, nimechoma. Zile ngiri nane za keja mathe alinitumia, nimezisukumia beti zikaishia. Landilodi anakam Sato.

Habari ni nne: pesa ni za kodi, ni elfu nane, zimepotea kwenye kamari, na mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Zote zimejificha ndani ya Sheng. "Manze" haina habari yoyote, ni hisia tu, na hiyo usiiguse.

Hatua ya 2: Tafuta maneno yenye sura mbili

Neno geni kabisa, kama "keja", halina hatari kubwa. Mtazamaji anajua hajalielewa, hivyo anasubiri. Hatari ni neno analodhani analijua. Mama akisikia "nimechoma" karibu na pesa, ataona noti zikiungua, na atakaa na picha hiyo hadi tangazo la biashara. Vivyo hivyo "amewaka": kijana anasikia mtu aliyelewa, mzee anasikia aliyekasirika. "Imebamba" kwa kijana ni kitu kilichonoga, na mzee anawaza mtu aliyekamatwa. Maneno haya usiyaache peke yake. Mstari unaofuata, au kitendo cha mwigizaji, lazima ufunge mlango wa maana ya pili.

Hatua ya 3: Mpe msikilizaji kazi

Hapa ndipo skripti nyingi huharibika, kwa sababu mwandishi humfanya mhusika atafsiri: "nimechoma, yaani nimekosea". Hakuna kijana anayeongea hivyo na rafiki yake, na watazamaji vijana wananusa mara moja. Habari iwekee kinywani mwa yule anayeshtuka:

KEVO: Manze, nimechoma vibaya.
SHIRO: Umefanya nini tena?
KEVO: Zile ngiri nane za mathe.
SHIRO: Pesa za nyumba?
KEVO: Nimeziweka kwa beti. Zote zimeenda.
SHIRO (anaketi): Elfu nane, Kevo! Na mwenye nyumba anakuja Jumamosi.
KEVO: Hii ni ngori, msee.

Shiro anarudia kwa sababu hajaamini, na mtu asiyeamini hurudia. "Ngori" imebaki bila maelezo, maana kufikia hapo kila mtu ameshaiona shida.

Kwa vitenzi vya Kiingereza vilivyovishwa viambishi vyetu, tanguliza maana. "Wiki nzima hashiki simu. Amenigosti" inaeleweka. Ukigeuza mpangilio, mama atakuwa bado anaitafuta "amenigosti" wakati maelezo yanampita.

Hatua ya 4: Mlete mzazi ndani ya sini

Kijana wa Nairobi hubadilisha lugha mlango unapofunguliwa. Mama Kevo akiingia, Kevo atasema, "Mama, zile pesa za nyumba sina." Ni kweli kwa maisha yetu, na aliyepitwa na sini ya kwanza anapata hadithi upya bila kijana kuhisi amerudiwa.

Mama Kevo naye usimpe Kiswahili cha kamusi. Sheng ilikuwa ikisemwa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni na Bahati, tangu miaka ya 1970, na mama aliyekulia huko anajua "mbao" ni shilingi ishirini na "soo" ni mia. Maneno haya ya zamani yana faida nyingine: yameshadumu, kwa hiyo hayatachuja kati ya siku unayoandika na siku kipindi kinarushwa. Neno lililozuka mwezi huu mtaa mmoja wa Kayole, mimi nalitumia kwenye sini ya vichekesho tu.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti mbele ya mzee mmoja

Tafuta mtu wa zaidi ya miaka 55 ambaye hajaiona skripti. Waigizaji wasome mara moja tu, kwa kasi ya kawaida. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Muulize: Kevo amefanya nini? Pesa zilikuwa za nani? Nini kitatokea Jumamosi? Akisema "sijui", ongeza swali kinywani mwa Shiro. Akijibu kwa uhakika lakini vibaya, rudi Hatua ya 2, kuna neno lenye sura mbili limekuponyoka. Kisha usome mbele ya kijana wa miaka 17, na mstari wowote atakaoucheka mahali pasipo na kichekesho, uandike upya.