SOMO: Kutoka malipo ya saa hadi bei moja ya kazi, kwa watengenezaji wa tovuti

Swali la namna ya kuacha kutoza kwa saa na kutoza bei moja kwa kazi nzima huulizwa kila wiki, hivyo naliandikia jibu moja. Mfano wangu ni tovuti ya kurasa tano, kwa anayetoza shilingi 25,000 za Tanzania kwa saa.

1. Tazama kumbukumbu za saa za kazi zako zilizopita. Huna kumbukumbu? Anza kuziweka, kisha urudi hapa.

2. Jumlisha saa zote, vikao na simu vikiwemo. Tuseme zimefika 48, yaani shilingi 1,200,000. Ongeza asilimia 20 ya tahadhari, bei iwe 1,440,000. Tahadhari hiyo ni yako, wala haiandikwi kwenye ankara.

3. Andika mipaka ya kazi. Hapa ndipo faida hupotea, kwa sababu wengi huandika "marekebisho mara mbili" bila kueleza mara moja ni nini, na mteja akatuma maoni leo, mkurugenzi wake kesho na mhasibu wiki ijayo, kila mmoja akiamini kuwa hiyo ni sehemu ya awamu ileile. Andika kwamba awamu moja ni maoni yote yaliyokusanywa katika waraka mmoja na kutumwa na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Taja pia yasiyohusika: picha, uandishi wa maudhui, malipo ya mtandaoni, ada ya kikoa. Usiandike "na mengineyo" popote, kwa kuwa mteja atayajaza mengineyo hayo kwa niaba yako.

4. Ombi lolote jipya lipewe bei na siku kwa maandishi kabla hujaligusa.

5. Pokea nusu mwanzoni, asilimia 30 muundo ukikubaliwa, na 20 kabla ya kukabidhi.

6. Endelea kuhesabu saa kimyakimya. Ukifikisha saa 57.6 katika mfano huu, tahadhari yote imeliwa.

MASWALI

— Mkuu, tovuti ni shilingi ngapi?
Soma hatua ya 1.

— Wateja wa huku hawasomi mikataba. Hili ni la Ulaya.
Sikutaja mkataba wa kurasa ishirini. Ukurasa mmoja unatosha, na mkiupitia pamoja kwa sauti kabla ya malipo ya kwanza, atakuwa ameusoma.

— Mteja akichelewesha maudhui kwa miezi miwili, nifanye nini?
Swali zuri sana, dada. Weka tarehe ya kupokea maudhui, na ueleze kwamba ikipita siku 14, kazi inasimama na itapangiwa nafasi upya. Vilevile, awamu ya pili ya malipo itegemee kukubaliwa kwa muundo uliojazwa maandishi ya mfano, ili fedha yako isisubiri maudhui yake.

— Kampuni imenikata asilimia 5. Nipandishe bei?
Hiyo ni kodi ya zuio. Dai cheti chake, kwani kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako ya mapato. Lakini katika mfano huu ni shilingi 72,000 ambazo hutazipata mkononi mapema, kwa hiyo zizingatie unapopanga awamu za malipo.